Jaketi la kuokoa maisha: kifua kwa mtu mzima, kilo kwa mtoto, kisha majaribio ya majini

Likizo ya Desemba kaka yangu aliamua kumchukua mkewe na watoto wao wawili wakaone matumbawe ya hifadhi ya bahari hapa Mombasa, kwa boti ya kioo kutoka ufuo wa Jomo Kenyatta. Mtoto wao wa kiume ana miaka 12, wa kike ana 5. Kaka hakutaka kutegemea jaketi za kukuta botini, akanunua zake nne, akaniletea nyumbani Mji wa Kale kwa kuwa mimi ndiye ninayeshinda kwenye maboti. "Zitazame tu," aliniambia. Mwisho wa siku, tatu kati ya hizo nne zilirudi dukani. Hazikuwa mbovu hata moja. Zilikuwa mpya, sponji nzima, mishono imara. Kosa lilikuwa kwenye uchaguzi: mama mnene kanunuliwa kubwa kuliko zote, mtoto kanunuliwa la kukulia, na baba kajichukulia lililomkaa vizuri mbele ya kioo.

Nitaeleza hatua zote kama tulivyozipitia na familia hii, kwa sababu karibu kila kosa ninalolikuta gatini lilikuwemo ndani ya ule mfuko.

Maswali mawili yasiyo swali moja

Jaketi lina kazi mbili. Kwanza likae mwilini, lisipande wala kuchomoka maji yakilisukuma juu. Hiyo ni habari ya saizi. Pili linyanyue vya kutosha hadi mdomo uwe juu ya maji. Hiyo ni habari ya nguvu ya kuelea, ambayo kwenye lebo huandikwa kwa nyutoni, herufi N. Kwa hesabu ya haraka, kila N 10 ni kama kunyanyua kilo moja. Jaketi la N 50 linabeba kama kilo 5, la N 100 kama kilo 10.

Watu huchanganya hizi mbili kwa kudhani kuwa mtu wa kilo nyingi anahitaji jaketi kubwa la kumbeba. Sivyo maji yanavyofanya. Mwili wa binadamu ukiwa ndani ya maji karibu unajibeba wenyewe. Mafuta yanaelea, hewa ya mapafuni inaelea, mfupa na msuli ndivyo vinavyovuta chini. Mtu mzima wa kawaida akizama hadi shingoni, kinachobaki kunyanyuliwa ili kichwa kikae nje ni kilo 3 hadi 5 na nusu hivi, awe na kilo 60 au 100 mizanini. Mara nyingi aliye mwembamba mwenye misuli iliyokaza ndiye anayekaa chini zaidi majini kuliko aliyenenepa.

Ndiyo maana saizi ya mtu mzima hutafutwa kwa mzunguko wa kifua. Kilo zake hutumika tu kuthibitisha kwamba amevuka mstari wa watoto na kwamba hajapita kikomo cha lebo. Kwa mtoto mambo yanageuka. Kichwa chake ni kikubwa na kizito kwa mwili wake, kiwiliwili ni kifupi, na jaketi lake limepangwa sponji na kola kwa kufuata uzito wa mwili ule. Kwa hiyo mtoto huanza na kilo, kifua kinafuata.

Kupima kifua

Chukua futi ya fundi cherehani, ile laini. Futi ya chuma ya seremala haikai mwilini. Mpimwaji avae nguo zilezile atakazopanda nazo botini. Asimame, mikono ikining'inia, apumue kawaida bila kujaza kifua. Pitisha futi chini ya makwapa, izunguke mahali kifua kilipo kipana zaidi. Kwa mwanamume ni usawa wa chuchu, kwa mwanamke ni pale matiti yalipojaa, si juu yake wala chini yake. Anayepima atazame mgongoni, kwa sababu futi hupenda kushuka huko nyuma na kukuongopea sentimita tatu nne. Ikae sawa kama mshipi, iguse bila kubana.

Andika namba mbili: moja akiwa ametoa pumzi ya kawaida, ya pili akiwa amevuta pumzi hadi mwisho. Ya kwanza ndiyo ya kusomea lebo. Ya pili utaihitaji wakati wa kukaza mikanda, maana jaketi lisilompa mtu nafasi ya kuvuta pumzi ndefu atalilegeza mwenyewe wakiwa katikati ya safari, na hutamwona.

Kaka alitoka sm 94, kilo 74. Shemeji alipimwa na dada yangu chumbani, akiwa amevaa buibui: sm 111, kilo 92. Mtoto wa kiume alikuwa na kilo 39, kifua sm 72. Mdogo wake kilo 17.

Kuhusu kilo, tumia mizani ya siku hizi, usitumie kumbukumbu. Kaka alikuwa na uhakika kwamba kijana wake ana "arubaini na tano hivi". Tulimpima kwenye mizani ya duka la dawa mtaani, na zile kilo 6 zilizopungua ndizo zilizombadilishia jaketi.

Kusoma lebo, na kwa nini herufi hazitoshi

Usinunue kwa herufi. M ya mtengenezaji mmoja ni L ya mwingine. Tafuta ndani ya jaketi kitambaa kilichochapishwa mzunguko wa kifua, uzito wa mwili na nguvu ya kuelea. Jaketi lisilo na lebo hiyo, au ambalo lebo imefutika isisomeke, sitamvalisha mtu, hata likiwa zuri vipi.

Madukani kwetu zinaingia jaketi kutoka kila upande wa dunia, kwa hiyo utakuta inchi na ratili. Inchi zidisha kwa 2.54 upate sentimita. Ratili gawa kwa 2.2 upate kilo.

Jaketi zilizotengenezwa kwa kanuni za Marekani huwagawa watu hivi: mtoto mchanga ni chini ya ratili 30, yaani kilo 14 hivi, mtoto mdogo ni ratili 30 hadi 50, kilo 14 hadi 23, kijana ni ratili 50 hadi 90, kilo 23 hadi 41, zaidi ya hapo ni mtu mzima, na ndipo kifua kinapoanza kutawala. Jaketi za meli, zinazofuata mkataba wa kimataifa wa SOLAS, zina mistari mingine: mchanga ni chini ya kilo 15, mtoto ni kilo 15 hadi chini ya 43, mtu mzima ni kilo 43 kwenda juu. Kwa hiyo mpwa wako mmoja wa kilo 42 anaweza kuwa mtu mzima kwenye jaketi la Marekani na mtoto kwenye jaketi la meli. Hakuna lebo iliyokosea hapo. Kila jaketi lifuatwe kwa lebo yake.

Sasa tuingie kwenye mfuko wa kaka.

Jaketi la shemeji liliandikwa XXL, kifua inchi 46 hadi 50, yaani sm 117 hadi 127. Yeye ana 111. Hata akikaza mikanda hadi mwisho, bado litakuwa na sentimita sita za ziada kabla ya kuanza kumshika. Tulilibadilisha kwa XL ya inchi 42 hadi 46, sm 107 hadi 117, na namba yake ikakaa karibu na katikati. Hapo katikati ndipo unapopatafuta kila mara. Ukikaa mwanzoni kabisa mwa kipimo, mikanda inaisha kabla jaketi halijakubana. Ukikaa mwishoni kabisa, linakubana ukivuta pumzi.

Jaketi la kijana lilikuwa la mtu mzima, S, kilo 41 kwenda juu. "Atalivaa miaka mitatu," kaka alisema. Najua hesabu hiyo inatoka wapi, ndiyo tunayonunulia sare za shule. Lakini sare pana haimwachi mtoto chini ikapanda yenyewe. Kijana alirudishiwa jaketi la kilo 23 hadi 41. La mdogo wake, kilo 14 hadi 23, lenye kola nyuma ya kichwa, mpini wa kumnyanyulia na mkanda wa kupita kati ya miguu, lilikuwa sahihi tangu mwanzo.

Kuna mtoto ambaye hana jaketi. Kitoto kichanga ambacho hata jaketi la wachanga linakizunguka bila kukishika, na shingo haijakaza, kibaki nchi kavu na nyanya yake. Hakuna mkanda utakaorekebisha hilo.

Kulivaa na kulikaza

Legeza mikanda yote kwanza, hata kama jaketi ni lako la kila siku. Ukilivaa likiwa na mikanda iliyokazwa kwa mtu mwingine, utadhani ni dogo ukaliacha, au utadhani linakutosha kumbe linaning'inia begani tu.

Vaa, funga zipu, kisha bizimu zote zilie zikiingia. Zipu peke yake haitoshi. Ni ya kushikilia vipande viwili vikae sawa, mzigo wenyewe hubebwa na mikanda. Anza kukaza mkanda wa chini, ule wa kiunoni, ukae chini ya mbavu. Ukishauma hapo, panda kwenye ya ubavuni kushoto na kulia kwa usawa, na ya mabegani iwe ya mwisho. Wengi huanza mabegani kwa sababu ndiyo iliyo karibu na mkono. Ukianza huko, unalivuta jaketi lote juu kabla halijapata mahali pa kushika, na maji yatalimalizia safari.

Vidole viwili viingie chini ya mkanda kwa shida kidogo. Vuta pumzi ndefu. Ukishindwa kuimaliza, legeza nusu sentimita ya ubavuni, mkanda wa kiunoni uache palepale.

Kuhusu buibui na shungi, kwa kuwa wanawake wengi wa kwetu husafiri hivyo na wanaovalisha jaketi huona haya kusema. Jaketi huvaliwa juu ya buibui, kamwe si ndani yake, maana lazima lionekane na lifikike. Shungi refu liingizwe lote ndani ya jaketi kabla ya zipu kufungwa. Nimeona shungi lililoachwa nje likiloa, likapanda na maji na kumfunika mwenyewe mdomo, akawa anapambana na kitambaa badala ya kuelea. Na kama jaketi lina mkanda wa kupita kati ya miguu, buibui halikubali: mkanda ama hautafungwa, ama utakusanya nguo mapajani mtu ashindwe kupiga hatua. Shemeji alichagua suruali pana na kanzu ya kufika magotini, tukampima tena kifua, kikashuka hadi sm 109, bado ndani ya XL yake. Asiyetaka kubadili nguo atafute jaketi lenye mkanda mpana wa kiunoni unaouma chini ya mbavu, kisha alijaribu majini kwa nguo hizohizo.

Majaribio ya nchi kavu

Mtu asimame nyuma yako, ashike jaketi mabegani kwa mikono miwili, alivute juu kwa nguvu kama anayekunyanyua. Jaketi likipanda hadi kugusa masikio au kufunika kidevu, halijakaa. Kaza upya kuanzia chini, mvute tena. Likipanda mara ya pili, ni kubwa, lirudi. Tulipomvuta kijana akiwa na lile la mtu mzima, kola ilifika kwenye macho yake. Kwa lile la saizi yake lilisogea vidole viwili likakwama, naye akalalamika, "Ami, linanibana!" Nikamwambia inua mikono, geuza shingo kushoto, kulia, vuta pumzi. Vyote aliviweza. Basi lilikuwa linamshika tu, na mtoto aliyezoea fulana pana huita kushikwa kubanwa.

Kuinua mikono ni jaribio lenyewe. Mtu aliyeanguka majini hunyoosha mikono juu akitafuta wa kumshika, na mabega yakiinuka, kifua huwa chembamba na jaketi hupata njia ya kuchomoka. Inua mikono yote miwili wima, na hapohapo mwenzako avute.

Kisha kaa. Keti kwenye kiti kifupi kama benchi la boti, magoti yakiwa juu kidogo. Jaketi refu kwa kiwiliwili chako litasukumwa na mapaja hadi likuchome kidevuni. Mtu akichomwa kidevu saa nzima hufungua bizimu ya chini. Kama ni mfupi, tafuta jaketi lenye kiwiliwili kifupi, kifua kikiwa kilekile.

Majini

Nchi kavu jaketi linaning'inia kwenye mabega yako. Majini wewe ndiye unayening'inia kwenye jaketi. Kila legelege lililojificha kwa uzito wa sponji hujitokeza hapo, na ndiyo sababu simruhusu mtu wa familia yangu kupanda boti na jaketi ambalo halijaloa naye ndani yake.

Chagua mahali na saa. Sisi tulikwenda ufuoni, ndani ya mwamba, asubuhi, maji yakiwa yamejaa nusu na yanaendelea kujaa, ili mkondo, kama upo, utusukume kuelekea mchangani. Maji yakipwa yanavuta kwenda kwenye milango ya mwamba, na hapo si pa kufanyia majaribio. Wala usijaribu kwenye Mkondo wa Tudor au Mtwapa kwa sababu panaonekana patulivu. Siku za bamvua maji ya humo hukimbia. Wakati wa kusi bahari ikichafuka, tumia bwawa la kuogelea. Bwawa lina faida yake: maji ya chumvi ni mazito kuliko matamu kwa asilimia 2 na nusu hivi, kwa hiyo mtu wa kilo 80 baharini hupata kama kilo 2 za kunyanyuliwa bure. Jaketi lililokubeba bwawani litakubeba juu zaidi baharini. Kinachokosekana bwawani ni mawimbi.

Mtu mmoja mmoja aingie, na kando yake awepo anayejua kuogelea, wa karibu wa kumgusa. Vaa viatu vya kamba au malapa yanayofungwa. Tembea hadi maji yafike kifuani, kisha kunja magoti polepole, uache maji yakuchukue. Usipige miguu, usitumie mikono. Lala nyuma kidogo kama anayeegemea kiti, kichwa kiachie kwenye kola. Kaa hivyo dakika tatu. Sekunde za mwanzo mtu hukaza mwili na kushika pumzi, na mapafu yaliyojaa humwonyesha anaelea vizuri kuliko kweli. Dakika ya pili na ya tatu ndizo zinazosema ukweli.

Anayesimama kando aangalie mambo matatu. Kwanza mdomo: uko juu ya maji bila mtu kuinua kidevu? Mwambie atoe pumzi yote, uangalie tena. Pili mabega ya jaketi: yamebaki mahali pake au yameelea hadi masikioni? Tatu mwili unaegemea wapi. Ukilala nyuma ni vizuri. Ukisimama wima ni vya kuvumilia. Ukisukumwa kwenda mbele uso ukielekea majini, hilo jaketi si lako.

Shemeji alikuwa na hofu kuliko wote, akaelea vizuri kuliko wote: maji chini ya kidevu kwa upana wa kiganja, jaketi halikusogea. Kaka, ambaye hucheza mpira kila jioni na hana nyama ya ziada, aliingia akitabasamu. Alipotoa pumzi, maji yalipanda hadi mdomo wa chini, na kiwimbi kidogo tu kikamwingia puani. Nilivuta mabega ya jaketi lake, halikupanda. Saizi ilikuwa sawa, kifua inchi 36 hadi 40, naye yuko 37. Nilisoma lebo: N 50. Alikuwa na jaketi la kumkaa lakini si la kumnyanyua. Jaketi za N 50 zimekusudiwa waogeleaji walio karibu na ufuo na msaada, na hazikutengenezwa kumgeuza mtu aliyezirai. Alibadilisha kwa N 100, kifua kilekile, tukarudi majini, na safari hii maji yalikaa chini ya kidevu hata baada ya kutoa pumzi. Hilo ndilo jaketi la tatu lililorudi dukani, na kioo kisingelitoa kamwe.

Hata XXL ya N 50 isingemnyanyua zaidi. Ingepanda tu masikioni na kumwacha palepale. Ukiona mtu anakaa chini majini na mabega ya jaketi hayajasogea, tatizo ni nyutoni. Ukiona mabega yamepanda, tatizo ni saizi au mikanda. Anza kila mara kwa kuangalia mabega, ndipo utajua la kurekebisha.

Jaribio la kugeuka lifanywe na watu wazima wenye jaketi za N 100 kwenda juu, na mwogeleaji akiwa ameshika mpini au mkanda. Lala kifudifudi, toa pumzi kiasi, legea kabisa. Jaketi linatakiwa likuzungushe uso utazame juu. Nguo zilizojaa hewa huchelewesha au kuzuia, kwa hiyo fanya ukiwa umeloa. La N 50 usilitegemee kwa hili, na ni afadhali ulijue hilo ufuoni.

Watoto nao wana lao. Kijana tulimwambia aelee, kisha ainue mikono yote na kupiga kelele ya kuita. Jaketi lilipanda vidole vitatu. Tulitoka, tukakaza mkanda wa kiunoni tundu moja zaidi, tukarudia, likapanda kimoja. Binti mdogo alishikwa na baba yake kwa mikono chini ya mgongo, mikono ikaondolewa taratibu. Alilia, akajikunja mbele akimtafuta mama, jambo ambalo watoto wa umri wake hulifanya karibu wote, na kola ikamrudisha nyuma. Mkanda wa kati ya miguu ulikuwa umekaza sawasawa. Kwa mtoto mkanda huo si wa hiari.

Nasisitiza hilo kwa sababu ya siku moja miaka ya nyuma. Mpwa wangu mwingine, kilo 26 wakati ule, alivalishwa jaketi la L kwenye boti tuliyoikodi, na mkanda wa miguuni umekatwa. Mimi ndiye niliyemfunga zipu. Aliteleza gatini wakati wa kushuka, kwenye maji yasiyozidi urefu wangu. Nilichokiona ni jaketi la machungwa likielea wima na vidole viwili vikitokeza kwenye shingo yake, uso wote ukiwa ndani. Jaketi lilikuwa linaelea vizuri kabisa. Yeye ndiye hakuwa akielea. Nilimshika kifundo cha mkono nikamtoa, hakuumia, lakini tangu siku hiyo hakuna mtoto ninayemfunga bila kumvuta mabegani kwanza.

Baada ya kulipata

Likishapita majini, usilegeze mikanda hadi ulitie alama. Chukua kalamu ya wino usiofutika, chora mstari kwenye kila mkanda pale ulipoingia kwenye bizimu, na ndani andika jina la mwenyewe, kilo na kifua. Siku ya safari kila mmoja atafunga hadi kwenye mstari wake, na utakachobakiwa nacho ni kuvuta mabega.

Suuza kwa maji matamu, anika kivulini. Jua letu hula kitambaa na uzi kabla ya sponji. Watu wasilikalie, sponji iliyogandamizwa hupoteza hewa na nyutoni zake, na lebo haitakuambia. Bonyeza kwa dole gumba: ikibaki na shimo bila kurudi, au jaketi likibaki zito baada ya kukauka siku mbili, lirudishe majini na mvaaji wake ulipime kama mara ya kwanza.

Kaka ameandika Aprili kwenye kalenda ya jikoni. Kijana wake alikuwa na kilo 39 mwezi wa Desemba, lebo yake inaishia 41, na watoto wa miaka 12 hawasubiri. Akivuka, ataanza kupimwa kwa futi kama baba yake, na lile jaketi atalisubiri mdogo wake, ambaye kwa kilo 17 bado ana kilo 6 kabla ya kulifikia.